Ijumaa ya Tatu na Bei Inayosemekana Kuvutwa

Kila Ijumaa ya tatu ya mwezi, katika masoko ya hisa ya Marekani, huisha muda wa mikataba mingi ya opsheni. Ikikaribia siku hiyo, kurasa za biashara hujaa namba moja iitwayo Max Pain, yaani bei ya maumivu makubwa. Wanaoiamini husema kwamba wauzaji wakubwa wa opsheni wataisukuma hisa hadi kwenye bei hiyo, ili wanunuzi wengi iwezekanavyo waondoke mikono mitupu. Nusu ya hadithi hii ina ushahidi mzuri. Nusu nyingine ni dhana tupu, na mara nyingi ndiyo inayowagharimu watu fedha.

Opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, na kwa Marekani mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100. Mikataba ambayo bado haijafungwa huhesabiwa kila siku, na hesabu hiyo hutangazwa kwa kila bei ya mkataba. Tuchukue hisa ya kubuni yenye bei tatu za mkataba: dola 45, 50 na 55. Upande wa haki ya kununua kuna mikataba wazi 1,000 kwenye 45, 4,000 kwenye 50 na 3,000 kwenye 55. Upande wa haki ya kuuza iko 2,000, 5,000 na 1,000 kwa mpangilio uleule.

Hisa ikifunga dola 45, wenye haki ya kununua hawapati kitu. Wenye haki ya kuuza kwa 50 wanapata dola 5 kwa kila hisa, na wale wa 55 wanapata dola 10. Jumla wauzaji wa opsheni wanalipa dola milioni 3.5. Ikifunga 55, wanalipa milioni 3. Ikifunga 50, wanalipa milioni 1 tu. Basi 50 ndiyo bei ya maumivu makubwa, maumivu ya mnunuzi. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, wala haina siri yoyote.

Tatizo linaanza pale mtu anapoona hisa iko dola 50.40, namba inasema 50, akahitimisha kwamba bei inavutwa. Watu hufungua mikataba mipya karibu na bei ya siku hiyo, kwa hiyo mikataba hurundikana pale bei ilipo. Mama ntilie huweka vibanda karibu na stendi kwa sababu abiria wako pale, na hakuna anayesema vibanda ndivyo vilivyoleta mabasi. Ukaribu wa namba hizi mbili, peke yake, hauthibitishi lolote.

Kinachoweza kuivuta bei kweli ni kazi ya kila siku ya wafanyabiashara wanaoitwa watengeneza soko. Hawa hununua na kuuza opsheni na wateja mchana kutwa, na hawapendi kubaki wakitegemea hisa ipande au ishuke. Kwa hiyo hujikinga kwa hisa zenyewe. Tuseme mmoja wao ameshika mikataba 5,000 ya haki ya kununua kwa dola 50, ambayo ni hisa 500,000. Imebaki saa moja soko lifungwe. Hisa ikiwa 49.70, uwezekano wa opsheni kuishia na thamani ni mdogo, tuseme karibu moja ya tano, naye anajikinga kwa kuwa ameuza hisa zipatazo 100,000. Ikipanda hadi 50.30, uwezekano unafika karibu nne ya tano, na kinga yake inapaswa kuwa hisa 400,000. Lazima auze 300,000 zaidi, wakati bei imepanda senti 60 tu. Bei ikishuka, anazinunua tena.

Angalia anachofanya: anauza bei inapopanda na kununua inaposhuka, hapohapo kwenye dola 50. Hana nia ya kumuumiza mtu, anajikinga tu, lakini bei inabanwa. Kadiri muda unavyopungua, ndivyo senti chache zinavyomlazimisha kuuza au kununua hisa nyingi. Marco Avellaneda na Michael Lipkin waliueleza utaratibu huu kihisabati mwaka 2003.

Sasa geuza upande. Ikiwa mtengeneza soko ndiye aliyeuza ile mikataba 5,000, atalazimika kununua bei inapopanda na kuuza inaposhuka. Hapo anaisukuma bei iondoke kwenye 50. Idadi ya mikataba kwenye skrini ni ileile 5,000 katika hali zote mbili. Haikuambii nani kanunua na nani kauza, na hesabu ya maumivu makubwa hailigusi swali hilo kabisa.

Ushahidi unaotajwa sana ni wa Sophie Ni, Neil Pearson na Allen Poteshman, uliochapishwa mwaka 2005 kwa data ya 1996 hadi 2002. Walilinganisha siku ya kuisha mikataba na siku za kabla na baada yake, kisha wakalinganisha hisa zenye opsheni na zisizo nazo. Siku ya kuisha, hisa zenye opsheni zilifunga karibu na bei za mikataba mara nyingi kuliko kawaida. Zisizo na opsheni hazikuonyesha hivyo. Sababu walizoona ni ile kinga ya watengeneza soko na pia, kwa sehemu, hila za makampuni yanayofanya biashara kwa fedha zao wenyewe. Kwa hiyo wanaoshuku hila hawajakosea kabisa.

Lakini tazama ukubwa wake. Walikadiria kwamba mabadiliko ya bei ya siku hiyo yalipindishwa kwa wastani wa angalau asilimia 0.165. Kwa hisa ya dola 50, hiyo ni senti 8 hivi. Mwaka 2012 Benjamin Golez na Jens Jackwerth walichunguza mikataba ya baadaye ya fahirisi ya S&P 500. Walikuta bei ikivutwa kwenye bei ya mkataba siku ambazo aina moja ya opsheni inaisha, na ikisukumwa mbali muda mfupi kabla aina nyingine haijaisha.

Tena mvuto huu huzimwa kwa urahisi. Ijumaa ya tarehe 22 Januari 2021, hisa ya GameStop ilifunga dola 65.01, ilhali siku iliyotangulia ilikuwa 43 hivi. Bei ya juu kabisa ya mkataba iliyokuwapo ilikuwa dola 60, kwa hiyo kila haki ya kununua iliyoisha siku hiyo iliishia na thamani. Baadaye ripoti ya wataalamu wa tume ya masoko ya Marekani, SEC, ilisema takwimu zilionyesha watengeneza soko walikuwa wakinunua haki za kununua badala ya kuziuza. Huo ndio upande ambao kwa kawaida huituliza bei, lakini wimbi la wanunuzi wa hisa liliwashinda.

Basi ukikuta mtu anakuuzia ishara zilizojengwa juu ya Max Pain, muulize swali moja: mikataba hiyo watengeneza soko wameinunua au wameiuza? Asipojua, hana anachokuuzia. Na hata akijua, anazungumzia wastani wa senti 8 kwenye hisa ya dola 50, wakati pengo kati ya bei ya kununua opsheni na bei ya kuiuza linaweza kuzimeza zote.