Tangazo Likichokwa, Bei Hupanda

Ukilipia tangazo la Facebook au Instagram, hununui nafasi kwa bei iliyopangwa. Kila inapotokea nafasi ya kumwonesha mtu tangazo, matangazo hushindanishwa kwa mnada, na mshindi si lazima awe mwenye pesa nyingi. Mfumo hutazama dau lako, uwezekano wa mtu huyo kufanya unachotaka afanye, na ubora wa tangazo. Watu wakilificha au kuliripoti, ubora hushuka, na inakubidi ulipe zaidi ili uonekane kwa watu wale wale.

Idadi ya waliolificha huoneshwi. Kabla ya 2019 Facebook ilionesha kama maoni mabaya ni mengi au machache. Sasa dalili hiyo huitafuta kwenye safu tatu za Ads Manager, katika ngazi ya tangazo moja moja. Quality Ranking hupima ubora, ikihesabu pia malalamiko ya watazamaji. Engagement Rate Ranking hupima matarajio ya watu kubofya, kupenda au kutoa maoni, na Conversion Rate Ranking matarajio ya kutimiza lengo lako, kama vile kununua. Zote hukulinganisha na wanaogombea walengwa hao hao, na hazitokei kabla tangazo halijaonekana mara 500.

Tuseme muuza vitenge wa Kariakoo anatumia shilingi 70,000 kwa wiki. Wiki ya kwanza tangazo linaonekana mara 35,000 kwa watu 25,000: kila maonesho 1,000 yanagharimu shilingi 2,000, na kila mtu ameliona mara 1.4 kwa wastani. Wiki ya pili linaonekana mara 28,000 kwa watu 10,000 tu. Gharama imefika 2,500, na kila mtu ameliona mara 2.8. Quality Ranking nayo imetoka Average hadi Below Average, na chini ya tangazo watu wanaandika, "Mmezidi sasa." Hapo bei ina kila sababu ya kuendelea kupanda. Abadilishe picha na maneno, au apanue walengwa, na aondoe chambo kama "hutaamini bei hii", kwa kuwa nacho hushusha ubora.

Lakini gharama ikipanda huku safu zote tatu zikitulia, usilaumu picha. Huenda ni msimu wa sikukuu na wagombea wameongezeka. Tena, safu hizi ni kipimo tu. Zenyewe haziingii kwenye mnada. Kutoka Below Average hadi Average kuna faida kuliko kuhangaikia Above Average.

Basi kila wiki linganisha gharama ya maonesho 1,000, wastani wa kuonekana kwa mtu mmoja na Quality Ranking. Ila kama gharama ya kumpata mnunuzi mmoja bado inakulipa, tangazo hilo liache liendelee.