Ujumbe wa Kikao cha Ukoo: Mbuzi, Mchango na "Tupo Pamoja"

Desemba ikikaribia, koo nyingi za Wachaga hujiandaa kupanda Kilimanjaro, na simu huanza kulia mapema. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa, kwa hiyo ujumbe wa kikao cha ukoo unaotumwa wiki moja kabla huwakuta watu wamekwisha kukosa siti. Waandaaji wazoefu huutuma mwanzoni mwa Novemba.

Tuchukue mfano wa ukoo wenye kaya 20, unaotaka kukutana Marangu Jumamosi tarehe 27 Desemba. Wanahitaji mbuzi wawili, mchele, mikungu ya ndizi, mbege, soda, viti na turubai. Tuseme jumla ni shilingi 800,000. Mwandaaji mgeni atagawanya kwa 20 na kutangaza 40,000 kwa kaya. Hapo ndipo mambo huharibika, maana hakuna ukoo ambao kila kaya hutoa kwa wakati. Kuna aliyefiwa, kuna anayelipa ada ya Januari, kuna asiyejibu kabisa. Mzoefu hukadiria kwamba kaya 16 ndizo zitakazotoa, akagawanya tena na kupata 50,000. Wote wakitoa, zitabaki 200,000, na ziada hiyo haijawahi kuleta ugomvi kama upungufu unaogunduliwa mbuzi wakiwa bado mnadani.

Ujumbe wenyewe unaweza kusomeka hivi:

"Shikamooni wazee wetu, na habari zenu ndugu. Kwa niaba ya Baba Mkubwa, mnakaribishwa kwenye kikao cha ukoo nyumbani Marangu, Jumamosi tarehe 27 Desemba. Kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi, chakula saa 8:00 mchana. Mchango ni 50,000 kwa kaya, wanafunzi hawachangii. Mwenye mkungu wa ndizi au mbege aniambie, tutahesabu humo humo. Tuma kwa mweka hazina pamoja na ya kutolea. Jina litakalotokea ni lake. Tunaomba kila kaya ituambie kufikia tarehe 15 Desemba watakuja wangapi, wakubwa na watoto, ili tununue mbuzi na kukodi viti vya kutosha. Atakayepata udhuru atujulishe tu, hakuna ubaya."

Jina la Baba Mkubwa halikuwekwa kwa pambo. Mwito wa kijana wa miaka 28 unaweza kupuuzwa. Wa mkubwa wa ukoo hauna mjadala. Maneno "pamoja na ya kutolea" nayo yana kazi: bila hayo, makato ya kutoa fedha yatakula mchango kidogo kidogo kwa kila kaya. Namba ya mweka hazina iandikwe mara moja, na isibadilishwe bila kupigiana simu. Watanzania wanaujua vizuri ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na msimu wa michango ndio wakati wao wa kuvuna.

Saa pia ina mitego. Saa 4:00 asubuhi ya Marangu simu huionyesha kama 10:00, na shemeji aliyezoea kuishi Uingereza anaweza kuisoma 4:00 akashangaa kuitwa alfajiri. Akitaka kusikiliza kwa simu kutoka London, kwake itakuwa 7:00 asubuhi, maana Desemba wako nyuma kwa saa tatu. Dada aliye Muscat yuko mbele kwa saa moja. Kutaja saa ya kikao na ya chakula mbalimbali ni jambo jingine la lazima, japo lina gharama yake: wapo watakaoisoma saa 8:00 peke yake.

Kisha yanakuja majibu, na hapa mwandaaji anahitaji masikio. "Tupo pamoja" ni salamu nzuri, lakini haisemi kama mtu anakuja. Kidole gumba kinaonyesha kwamba ameusoma. "Nitajitahidi" mara nyingi ni hapana ya mtu mwenye adabu. Anayehesabiwa ni yule aliyeandika "tunakuja watu wazima wawili na watoto watatu". Wengine hupigiwa simu faragha, na wazee wasiotumia simu janja huitwa kupitia mjukuu aliye karibu.

Mweka hazina mwenye busara hubandika kundini majina ya waliotoa, kila jina na alama yake, na kuiongeza orodha kila jioni. Orodha ya wadaiwa haiandiki. Wasiokuwamo wanajijua, na mwenye shida kweli haaibishwi mbele ya wakwe.

Baada ya kikao hutumwa hesabu: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki na zilipo. Kundi likikaa kimya kuhusu hesabu hiyo, Desemba ijayo mchango utaanza kukusanywa kwa maswali.