Muhtasari Mbele ya Hansadi
Sehemu ya Tatu: Maneno na Mwenye Maneno

Hansadi, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge jijini Dodoma, huchapa jina au cheo cha kila msemaji kwa herufi kubwa kabla ya maneno yake, na hata hivyo muhtasari wake waweza kumtwika mbunge kauli ya mwenzake. Mahali pa hatari zaidi ni pale mchango unapokatizwa na taarifa, neno ambalo bungeni lina maana ya pekee: mbunge mwingine hupewa nafasi fupi ya kumfahamisha au kumsahihisha anayezungumza, kisha kiti humuuliza mzungumzaji kama anaipokea.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mbunge wa kwanza, akichangia makadirio ya Wizara ya Maji, anasema kwamba visima viwili kati ya vitatu vilivyoahidiwa jimboni mwake vimechimbwa. Mbunge wa pili anampa taarifa kuwa hata cha tatu kimechimbwa, ila maji yake ni ya chumvi, naye wa kwanza anajibu kuwa haipokei. Muhtasari unaandika: "Mbunge wa kwanza alisema visima vyote vitatu vilichimbwa mwaka jana, lakini kimoja kina maji ya chumvi."

Mhakiki huivunja sentensi hiyo katika madai madogo, kila dai likiwa jambo moja linaloweza kuthibitishwa peke yake: aliyesema, idadi ya visima, wakati, na chumvi. Chumvi imo katika Hansadi, na hapo ndipo wengi hukomea, kwa kuwa neno limeonekana. Ilhali mhakiki makini hupandisha jicho kutoka mstari huo hadi jina la karibu lililo juu yake, akakuta ni la mbunge wa pili. Idadi ya vitatu nayo ni ya huyo wa pili, na wa kwanza ameikataa waziwazi. "Mwaka jana" haina mstari wowote. Imezuliwa, pengine kwa sababu mwandishi aliona kitenzi cha wakati uliopita akakijazia tarehe.

Uangalifu kama huo wahitajika penye kifupisho "K.n.y.", yaani kwa niaba ya, ambapo anayesimama kuuliza si mwenye swali, na muhtasari hauna budi kuwataja wote wawili.

Njia hii ya kutoka kwenye muhtasari kwenda kwenye Hansadi ina upungufu mmoja mkubwa: hunasa kilichoongezwa, hainasi kilichoachwa. Katika mfano huu, kukataliwa kwa taarifa hakumo kabisa katika muhtasari, kwa hiyo hakuna dai la kulipima, na mhakiki angeweza kurekebisha majina na tarehe huku msomaji akibaki hajui kwamba wabunge hao walipingana. Ndiyo maana kila palipo na taarifa, Hansadi husomwa upya kuanzia mchango ulipokatizwa hadi jibu la mzungumzaji, kisha muhtasari ukaulizwa jibu hilo limo wapi.