Jina Litakuja la Mtu Mwingine

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina deni. Jina litakuja Hamisi."

Karibu kila mwenye simu Tanzania ameshapata ujumbe wa namna hii, na wengi huufuta bila kuumaliza. Mzee aliyenunuliwa simu janja na wanawe mwezi uliopita haufuti, kwa sababu huenda siku hiyohiyo kweli ana hela ya kumtumia mtu: kodi ya shamba, mchango wa harusi, malipo ya fundi aliyeezeka paa. Aliyeuandika hamjui mzee wala fundi wake. Ameusambaza kwa watu wengi asiowajua, akitegemea kwamba miongoni mwao hawakosekani wenye hela ya kutuma leo.

Ujumbe huu mfupi unatosha kuwa somo la kwanza kwa mzazi anayeanza kutumia simu janja, na kitovu cha somo ni yale maneno ya mwisho, "jina litakuja Hamisi". Unapotuma pesa kwa simu, kabla hujathibitisha kwa namba ya siri, unaonyeshwa jina la mtu aliyesajili namba unayoitumia. Jina hilo ndilo kinga yako. Tapeli anajua kwamba utaliona, na anajua halitafanana na la fundi wako, kwa hiyo anakuandaa mapema ili usishtuke. Fundi unayemdai au anayekudai anaitwa Saidi, na kwenye kioo limekuja Hamisi: usiweke namba ya siri. Ghairi, kisha mpigie Saidi kwa namba yake uliyo nayo siku zote. Usimuulize kwa kujibu ujumbe ule, kwa maana atakayejibu ni yuleyule aliyeuandika.

Kinga hiyo ina upande wake wa pili, nao huwaponza wazee wengi. Mtu yeyote anayeandika namba yako kana kwamba anataka kukutumia pesa anaweza kuona jina lako, kisha akaghairi bila kutuma hata senti. Ndiyo maana mpigaji usiyemjua huanza kwa "Shikamoo mama", akakutaja kwa jina lako kamili. Mzazi aliyelelewa katika adabu zetu akisikia shikamoo na jina lake husema moyoni kwamba huyu ananifahamu. Pengine jina limetoka kwenye kioo cha simu, pengine kwenye daftari la wakala ambamo huandikwa majina na namba za waliotoa na kuweka pesa. Kukujua jina hakuthibitishi kwamba mpigaji anatoka kwenye mtandao wa simu, benki au mfuko wa pensheni.

Hata namba ya kitambulisho cha taifa haithibitishi kitu, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize kwa makini. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila uliyemwachia nakala ya kitambulisho, ukiwemo pale dukani penye mashine ya fotokopi, ameachiwa pia tarehe yako ya kuzaliwa. Wazee wengi, ili wasisahau, huchagua mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa. Aliyeokota simu yako na kuwa na nakala ya kitambulisho chako hahitaji kubahatisha, kwani namba ya siri ameandikiwa mwanzoni kabisa. Kama yako ni 1952 au 1958 na ndio mwaka uliozaliwa, ibadilishe leo, na asikuandikie mtu mwingine, hata mjukuu mpendwa.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukifuate hatua kwa hatua. Tuseme kuna bibi, mwalimu mstaafu, ana shilingi 212,400 kwenye M-Pesa yake baada ya kupokea pensheni. Saa nne asubuhi unaingia ujumbe kwamba amepokea shilingi 150,000 kutoka kwa mtu asiyemjua. Kabla hajamaliza kuusoma, simu inaita. Kijana mwenye sauti ya huzuni anaamkia, anaeleza kwamba amekosea tarakimu moja, hela ilikuwa ya dawa za mgonjwa, na anamwomba mama amrudishie sasa hivi. "Usikate simu mama, nakuelekeza namna ya kurudisha."

Bibi huyu ni mtu mwema, na kijana anautegemea wema huo. Anataka afanye uamuzi akiwa bado anasikia sauti ya mwenye shida, asipate nafasi ya kutazama mahali pengine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukata simu. Amwambie, "Mwanangu, nakata, nitaangalia kwanza," kisha akate kweli. Mwenye shida ya kweli atasubiri dakika tano. Tapeli atapiga tena papo hapo, mara tatu au nne, na safari hii sauti huanza kupanda.

Baada ya kukata, autazame ujumbe juu kabisa, palipoandikwa umetoka kwa nani. Ujumbe halisi wa muamala hutoka kwa jina la huduma, M-PESA kwa mfano, na huingia kwenye mfululizo uleule wenye jumbe za miamala yake ya zamani. Ujumbe wa uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, inayoanza na 06 au 07. Lakini nisingependa mzee aishie hapo, kwa sababu majina ya watumaji huweza kuigwa, kwa kubadili herufi moja au kuongeza alama ambayo macho yaliyochoka hayaioni.

Hakimu wa shauri hili ni salio. Bibi abonyeze *150*00#, aingie sehemu ya akaunti yake, aangalie salio. Huduma nyingine za pesa zina menyu zao, na mtoto aliyenunua simu angefanya vizuri kuandika ya mzazi wake kwa herufi kubwa kwenye karatasi inayokaa pamoja na simu. Salio likisoma 212,400 kama asubuhi, hakuna pesa iliyoingia. Kijana anaomba hela ya bibi mwenyewe.

Na kama salio linasoma 362,400? Basi pesa imeingia kweli, na bado bibi hatakiwi kuituma kwa mkono wake. Aliyekosea kutuma hupiga huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100, akaomba muamala usitishwe na pesa irudishwe kule ilikotoka. Bibi akituma mwenyewe kwa namba aliyotajiwa, kisha yule mtumaji akaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, shilingi 150,000 zitamtoka mara mbili. Jibu lake liwe moja kwa vyovyote vile: "Piga 100, watakurudishia. Mimi sitaitumia." Baada ya hapo asiitumie pesa hiyo mpaka suala liishe.

Simu janja imeongeza mlango mwingine ambao simu ya vibonyezo haikuwa nao, nao ni WhatsApp. Hapa ujumbe hauji kutoka kwa mgeni. Unakuja kutoka kwa dada wa kikundi chenu cha kuweka na kukopa, namba ni yake, picha ni yake, hata salamu zinafanana na zake. Anaandika kwamba kuna tarakimu sita zimetumwa kwako kwa bahati mbaya, na anaomba umsomee. Ukitazama kwenye jumbe za kawaida, kweli zipo: tatu, kistari, tatu nyingine, mfano 123-456, pamoja na maneno ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza.

Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Mwizi ameandika namba yako kwenye simu yake akidai ni wewe, na kampuni ikakutumia tarakimu ili kujua kama ni kweli. Ukimpa, wewe unatolewa nje na yeye anaingia. Dada wa kikundi naye alishatolewa nje kwa njia hiyohiyo, na anayekuandikia amekaa mahali pake. Dakika kumi baadaye atakuwa amekaa mahali pako, akiomba mkopo kwa wanao na kwa wanakikundi wote. Mzee asiyesoma Kiingereza anaweza kukariri umbo tu: zikija tarakimu sita ambazo hukuziomba, hazisomwi kwa mtu, awe ndugu, awe mfanyakazi wa benki, awe nani.

Kuna kinga ya kuongeza, na inawekwa mara moja. Ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uchague namba yako ya siri ya tarakimu sita. Mwizi akipata zile za ujumbe atakwama kwenye hii. Na ikiwa umeshaporwa, sajili upya WhatsApp kwa namba yako bila kuchelewa. Ukiweka tarakimu mpya zitakazotumwa, mwizi hutoka. Kama ameshaweka namba ya siri yake, utasubiri siku saba ndipo uingie bila hiyo, lakini katika siku hizo na yeye hayumo ndani. Wakati huo wapigie watu kwa sauti, uwaambie wasitume pesa kwa ombi lolote lililotoka kwako.

Jambo moja la mwisho kuhusu taarifa zako halionekani kwenye ujumbe wowote. Laini zetu husajiliwa kwa alama ya kidole, na baadhi ya wasajili wasio waaminifu humwambia mzee aweke kidole tena kwa kisingizio kwamba mashine haikusoma, kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalokuja kwenye kioo ni lake. Bonyeza *106# na ufuate menyu, utaziona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao huo na kitambulisho, uombe ifutwe.

Ikiwa pesa imeshakutoka, saa ya kwanza ina thamani kubwa, kwa sababu tapeli hukimbilia kwa wakala kuitoa. Piga 100, sema umetapeliwa, taja kiasi na namba iliyopokea, uombe izuiwe. Kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040, utajibiwa namna ya kuitaja namba ya tapeli. Nenda pia kituo cha polisi upewe namba ya RB. Wazazi wengi hunyamaza kwa kuona aibu mbele ya watoto wao, na ukimya huo humpa tapeli muda wa kutoa pesa. Mtoto atakayeambiwa habari hii aanze na simu kwa 100, lawama aziache. Na ujumbe wa tapeli usifutwe kwa hasira, kwa kuwa namba, tarehe na saa zilizomo ndizo polisi na mtandao watakazoziuliza kwanza.