Kusimama Mbele ya Kilimanjaro Bila Kufika Amboseli

Picha ya mtu aliyebandikwa mbele ya mlima kwa kawaida hujifichua papo hapo. Mtazamaji anaweza asijue kasoro iko wapi, lakini jicho lake limekwisha kukataa. Wengi hulaumu kingo za nywele zilizokatwa vibaya. Mara nyingi kosa kubwa liko kwingine: kamera mbili zilizopiga picha hizo hazikuwa kwenye kimo kimoja.

Ufundi wenyewe si mgeni katika pwani yetu. Katika studio yake kisiwani Lamu, marehemu Omar Said Bakor aliunganisha picha za wateja na picha nyingine enzi za filamu, na kazi zake zimebaki kuwa mfano mzuri wa ubunifu wa wapigapicha wa Waswahili. Leo simu hukata umbo la mtu kwa sekunde chache. Kinachobaki kwa binadamu ni kuchagua picha zinazokubaliana.

Tuseme kijana wa Dodoma anataka postikadi yake akiwa Amboseli, nchini Kenya, huku Kilimanjaro ikiwa nyuma yake. Amboseli inafaa sana kwa kujifunzia, kwa kuwa uwanda wake ni tambarare na mstari wa upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na mbingu chini ya mlima, huonekana wazi. Mstari huo siku zote hukaa sawa na kimo cha kamera. Mpigapicha akisimama wima kwenye tambarare, watu wote wenye kimo kama chake watakuwa na macho kwenye mstari huo, wawe hatua tano kutoka kwake au hatua hamsini. Kijana akijiweka juu zaidi, ataonekana kama amepanda kitu. Akijiweka chini, kama amechimbiwa shimo.

Hapo ndipo Amboseli ina mtego wake. Wageni hawaruhusiwi kushuka garini ovyo, hivyo picha nyingi za mlima hupigwa kupitia paa lililofunguliwa la gari la safari. Kamera ikiwa mita 2.5 kutoka ardhini, mstari wa upeo utapita juu kabisa ya kichwa cha mtu wa mita 1.7, kwa karibu nusu ya urefu wake. Selfi iliyopigwa usawa wa macho haitakaa vizuri humo. Ni afadhali atafute mandhari iliyopigwa na mtu aliyesimama chini, na iwe yake mwenyewe, ya rafiki aliyeridhia, au yenye leseni inayoruhusu kubadilishwa.

Kisha jua. Anayeutazama mlima kutoka Amboseli ameelekea kusini, kwa hiyo asubuhi mwanga hutoka kushoto kwake na jioni hutoka kulia. Mawingu huufunika mlima mara nyingi kadiri siku inavyoendelea, ndiyo maana picha nyingi nzuri ni za asubuhi. Kijana naye apigwe picha asubuhi, upande wa uso ulio kushoto mwa picha ukiwa ndio wenye mwanga. Kuigeuza selfi kama kwenye kioo kutahamisha mwanga, lakini maandishi ya fulana yatasomeka kinyumenyume na saa itahamia mkono mwingine.

Selfi ya mkono ulionyooshwa huikuza pua na kuyasogeza masikio nyuma. Rafiki akisimama mita 2 hivi, akatumia kamera ya nyuma na kuishika usawa wa macho, uso hurudi kwenye umbo lake. Ukuta mtupu nyuma yake hurahisisha ukataji wa nywele. Apigwe kuanzia kifuani kwenda juu, maana miguu ikionekana italazimu kuchora kivuli ardhini, kazi ngumu kuliko zote hizi.

Katika programu ya GIMP, mandhari hufunguliwa kwanza, kisha umbo lililokatwa huletwa juu yake kwa `Open as Layers`. Likishakaa kwa macho kwenye mstari, rangi hurekebishwa kwa `Color Temperature`. Hapa wengi hupotea: huufanya uso uwe na ukungu wa buluu kama mlima. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, imefifia kwa sababu hewa ya makumi ya kilomita iko katikati. Mtu yuko karibu, hivyo alinganishwe na nyasi na migunga ya mbele. Weusi wa nywele zake uwe mzito kama vivuli vya miti hiyo.

Postikadi ya inchi 4 kwa 6 huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 ili ichapwe vizuri. Pembezoni huachwa weupe wa milimita 5, na jina la mahali huandikwa angani, pasipo na mawingu mengi. Faili ipelekwe kwa mchapaji kama hati, kwa kuwa WhatsApp huipunguza picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na kingo za nywele zilizochukua muda mrefu kusafishwa ndizo huharibika mwanzo.