Ukipiga Simu Kusitisha Huduma, Sema Hivi

Mtu anayepokea simu yako ya kusitisha huduma mara nyingi ana kazi mbili: kukuhudumia, na kukuzuia usiondoke. Kampuni nyingi za intaneti na televisheni za kulipia zina kitengo cha kubakiza wateja, na wahudumu wake hupimwa kwa idadi ya watu waliopiga kuaga wakaishia kubaki. Mwaka 2005 kampuni ya AOL, iliyokuwa ikiuza intaneti Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 1.25 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuchunguza malalamiko ya wateja waliosumbuliwa walipotaka kuondoka. Ilibainika kuwa wahudumu walikuwa wakipewa bonasi kwa kuwabakiza. Julai 2014 mteja wa kampuni nyingine ya Marekani, Comcast, aitwaye Ryan Block, alirekodi dakika kama nane za mhudumu akimwuliza tena na tena kwa nini anataka kuondoka. Rekodi hiyo ilisambaa, na Comcast ikaomba radhi hadharani.

Swali la “kwa nini” ndilo la kuangalia. Ukisema bei ni kubwa, utapewa punguzo. Ukisema kasi ni ndogo, utapewa kifurushi kikubwa. Ukisema unahama, wataahidi kukuhamishia laini. Kila sababu ina jibu lake tayari, na kadiri unavyoeleza zaidi ndivyo mazungumzo yanavyorefuka.

Kwetu kuna jambo jingine. Tumelelewa kutomkatalia mtu usoni, basi mhudumu akibembeleza tunajibu “ngoja nitafakari” au “tutaona mwezi ujao”. Sisi tunajua tumekataa. Yeye anaandika kwenye akaunti kwamba mteja anafikiria, na mwezi unaofuata bili inakuja kama kawaida. Adabu ya simu hii basi iwe kwenye salamu, kwenye sauti na kwenye neno “naomba”, lakini isiguse uamuzi wenyewe.

Tuchukue mfano wa mama wa Tabata, Dar es Salaam, tumwite Mama Neema. Analipa shilingi 70,000 kwa mwezi kwa intaneti ya nyumbani, bili inatoka tarehe 1, na mkataba wake unadai notisi ya siku 30. Watoto wamekwenda chuo, na yeye bando la simu linamtosha. Akipiga tarehe 28 Mei, notisi inaisha tarehe 27 Juni, kwa hiyo bili ya Juni ndiyo ya mwisho. Akichelewa mpaka tarehe 3 Juni, notisi inaisha tarehe 3 Julai, na bili ya Julai itakuwa imeshatoka. Siku sita zinaweza kumgharimu mwezi mzima. Kabla ya kupiga anaweka mezani namba ya akaunti, mkataba, kalamu na karatasi, na anageuza ruta kunakili namba iliyobandikwa chini yake, maana kifaa ni cha kampuni na kitadaiwa.

Anapiga asubuhi. Baada ya salamu anasema yote kwa pumzi moja:

“Dada, naomba jina lako nikuandike. Asante. Mimi ni mwenye akaunti namba hii. Nimeamua kusitisha huduma ya intaneti, na natoa notisi leo, tarehe 28 Mei. Naomba uandike ombi hilo na unipe namba ya kumbukumbu.”

Hapo hajauliza kama inawezekana, wala hajasema angependa. Ametoa taarifa, kisha akaomba vitu viwili ambavyo mhudumu anaweza kuvitekeleza.

Swali litakuja: “Mama, kuna tatizo gani na huduma yetu?” Jibu moja linatosha: “Hakuna tatizo, mwanangu. Siihitaji tena.” Kukaa kimya kabisa juu ya sababu huchochea maswali, kama ilivyomtokea Block, na sababu ndefu huleta ofa. Sababu ambayo kampuni haina cha kuirekebisha ndiyo inayofunga mjadala.

Hata hivyo, ofa inaweza kuja: miezi miwili kwa nusu bei. Wengi hukwamia hapa, kwa sababu shilingi 35,000 zinashawishi. Ila ofa ya namna hiyo inaweza kuanzisha mkataba mpya wa mwaka mzima, na kujitoa kabla haujaisha kukawa na faini. Mama Neema anasema: “Nashukuru sana kwa kunifikiria, ila siichukui. Naomba tuendelee na kusitisha.” Akibembelezwa mara ya pili anarudia sentensi ileile, bila kupandisha sauti na bila kutafuta maneno mapya, maana kila neno jipya linazaa swali jipya. Mara ya tatu anauliza: “Dada, unaweza kuisitisha wewe mwenyewe, au kuna mwenzako mwenye mamlaka hayo?”

Sasa ataambiwa anahamishiwa kitengo kingine. Hapa simu nyingi hupotea: inakatika, au anayepokea hajui lolote na mteja anaanza upya akiwa amechoka. Kabla hajaachia anasema: “Sawa. Kabla hujanihamisha, naomba uandike kwenye akaunti kwamba nimeomba kusitisha leo. Ninahamishiwa kitengo gani? Na simu ikikatika, nipigieni kwa namba hii.” Ombi la kuandikwa ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linalinda tarehe ya notisi hata kama simu haitafika popote.

Mtu wa pili akipokea, asidhani ameelezwa. “Habari za kazi, kaka. Nimetoka kuzungumza na dada wa huduma kwa wateja, saa nne na dakika kumi, na ombi langu la kusitisha limeandikwa. Sijapiga kuulizia ofa. Naomba ukamilishe tu.” Akitaka kumrudisha kule alikotoka, amjibu: “Huko nimeshapita. Naomba nizungumze na msimamizi wako, nitasubiri kwenye laini.”

Lipo pia jibu tunalolijua sote: mfumo uko chini, piga kesho. Inaweza kuwa kweli kabisa, na hakuna haja ya kumbishia. “Pole na kazi. Basi naomba jina lako, na leo hii nawatumia ombi kwa maandishi, lihesabiwe kwa tarehe ya leo.” Kisha alitume kweli, kwa anwani iliyo kwenye mkataba. Mikataba mingine haikubali notisi ya mdomo hata kidogo, kwa hiyo ujumbe huo ni wa lazima hata simu ikienda vizuri: “Kama nilivyoeleza kwa simu leo tarehe 28 Mei, nasitisha huduma kwenye akaunti hii. Namba ya kumbukumbu ni hii. Naomba mthibitishe siku ya mwisho ya huduma, bili ya mwisho, na mahali pa kurudisha ruta.”

Ruta airudishe mwenyewe na adai stakabadhi yenye namba ya kifaa. Kama analipa kwa makato ya benki, asiyafute siku hiyohiyo ya simu, kwa sababu bili ya Juni isipolipwa inageuka deni na kampuni inapata sababu ya kuendelea kumdai. Ayafute akishalipa hiyo ya mwisho. Bili ya Julai ikija licha ya yote, alalamike kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, akiambatisha namba ya kumbukumbu. Wasipomsikiliza, mlalamikiwe ni kampuni na pa kupeleka malalamiko ni TCRA. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Huko ataulizwa kama alianza na kampuni, na karatasi yenye majina, saa na tarehe itamjibia.