Jinsi ya Kukokotoa GPA ya Muhula

Matokeo ya muhula yakibandikwa, mafrateri wa mwaka wa kwanza huwahi kutazama herufi. Wanahesabu A ngapi, B ngapi, kisha wanashuka hadi mstari wa mwisho na kukuta namba ndogo kuliko waliyoitarajia. Hapo huanza safari za kwenda ofisi ya taaluma kudai kwamba kompyuta imekosea. Mara nyingi kompyuta haijakosea. Aliyehesabu kichwani amegawanya kwa idadi ya masomo, wakati GPA hugawanywa kwa krediti.

Tutumie mfumo ambao wengi wetu tunaukuta katika shahada ya kwanza ya falsafa hapa Tanzania, yaani mizani ya pointi 5. Alama 70 hadi 100 ni A, nayo ina pointi 5. Alama 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Alama 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Alama 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Alama 35 hadi 39 ni D, pointi 1, na chini ya 35 ni E, pointi 0. Anayefuata pia shahada ya kikanisa chini ya chuo kikuu cha Roma atakuta huko mizani nyingine, na asichanganye hizi mbili.

Angalia kwamba alama zenyewe haziingii tena katika hesabu baada ya kugeuzwa kuwa gredi. Aliyepata 50 na aliyepata 59 wote wana B, wote wana pointi 3. Aliyepata 60 ana pointi 4. Kwa hiyo usijumlishe asilimia zako na kutafuta wastani wake. Jibu utakalopata ni la swali jingine.

Krediti ndiyo uzito wa somo. Kwa utaratibu wetu krediti moja inawakilisha saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha kipindi cha darasani, kusoma binafsi, mazoezi na mtihani. Somo la krediti 15 linategemewa kukula saa 150, na la krediti 8 saa 80. Ndiyo maana haiwezekani C ya somo la kwanza ifutwe na A ya somo la pili kana kwamba yana uzito sawa.

Sasa tuchukue frateri mmoja wa kubuni, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Masomo yake ni matano. Hatua ya kwanza ni kuandika krediti za kila somo na pointi za gredi yake. Hatua ya pili ni kuzidisha hizo mbili, mstari kwa mstari:

Historia ya Falsafa ya Kale: krediti 15, B, 15 × 3 = 45
Mantiki: krediti 15, C, 15 × 2 = 30
Falsafa ya Mwanadamu: krediti 12, B, 12 × 3 = 36
Kilatini: krediti 10, A, 10 × 5 = 50
Stadi za Mawasiliano: krediti 8, A, 8 × 5 = 40

Hatua ya tatu, jumlisha krediti zote: 15 + 15 + 12 + 10 + 8 = 60. Hatua ya nne, jumlisha mazao ya kuzidisha: 45 + 30 + 36 + 50 + 40 = 201. Hatua ya tano, gawanya: 201 ÷ 60 = 3.35.

Ndugu yetu huyu alikuwa amejumlisha pointi za gredi tano, 3 + 2 + 3 + 5 + 5, akapata 18, akagawanya kwa 5 na kupata 3.6. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa mpangilio wa madaraja ya shahada, 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Alijiona yuko katika daraja la pili la juu, kumbe mwendo wake ni wa daraja la pili la chini. Ni kweli kwamba daraja hutolewa kwa GPA ya masomo ya miaka yote, si ya muhula mmoja. Hata hivyo, anayedhani ana akiba wakati ana deni hatapanga muhula wa pili inavyotakiwa.

Kilichomshusha kinaonekana wazi. A zake zote mbili ziko kwenye masomo mepesi, yenye jumla ya krediti 18 tu kati ya 60. Ili afikie 3.5 alihitaji 3.5 × 60 = 210, yaani alipungukiwa 9. Mantiki ingepanda kutoka C hadi B tu, angeongeza 15 na kufika 216, ambayo ni 3.6. Kwa Stadi za Mawasiliano hakuna cha kuongeza tena. Kwa maoni yangu hesabu hii ya kurudi nyuma ina faida kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inamwonyesha mtu somo gani la kulipa muda wake.

Kuna kosa jingine, nalo ni kubwa zaidi: kuliacha nje somo lililofelika. Tuseme frateri huyu angepata E katika Mantiki. Mazao yangekuwa 171, na krediti zingebaki 60, kwa hiyo GPA ni 2.85. Akiiondoa Mantiki kabisa atagawanya 171 kwa 45 na kujipa 3.8. E ina pointi sifuri, lakini krediti zake bado zimo kwenye kigawanyo.

Kuhusu desimali, vyuo vyetu vingi huandika GPA kwa desimali moja na kukata zinazobaki bila kupandisha. Kwa hiyo 3.35 huandikwa 3.3, si 3.4, na hata 3.49 hubaki 3.4. Soma kanuni za mitihani za chuo chako uhakikishe.

Ukataji huo ndio sababu ya kutokutafuta GPA ya mwaka kwa kuchukua GPA mbili za mihula na kugawa kwa 2. Tuseme muhula wa pili ana krediti 60 na mazao 219, yaani 3.65, iliyoandikwa 3.6. Akichukua 3.3 na 3.6 atapata 3.45, inayokatwa kuwa 3.4. Lakini njia sahihi ni kurudi kwenye jumla zenyewe: 201 + 219 = 420, gawanya kwa krediti 120, na jibu ni 3.5 kamili.

Mwenye kompyuta anaweza kuandika krediti kwenye safu B na pointi kwenye safu C, mstari wa 2 hadi wa 6, kisha aandike hivi:

```
=TRUNC(SUMPRODUCT(B2:B6,C2:C6)/SUM(B2:B6),1)
```

Kwa mfano wetu itatoka 3.3. Ikiwa namba yako bado inatofautiana na ya chuo, linganisha kwanza krediti za kila somo na zile zilizo kwenye mtaala, kisha gredi moja moja, halafu ndipo uende ofisi ya taaluma ukiwa na karatasi yako ya hesabu.